Mstari wa Sitini na Moja

Kila asubuhi, kabla hajavua hata mtandio, shangazi huchukua rula. Ni rula ya mbao, ya zamani, namba zake za mwanzo zimefutwa na vidole. Huilaza juu ya karatasi, chini kidogo ya mstari wa kwanza wa jedwali, kisha huiteremsha mstari baada ya mstari, midomo ikitembea bila sauti. Akifika mwisho huandika idadi kwa penseli kwenye pembe ya juu ya karatasi na kuizungushia duara. Hapo ndipo huvua mtandio, huamkiwa, na kuitikia. Ukimwamkia kabla ya duara, umeamkia ukuta.

Mtaani wanamwita Mama Rula. Hana mtoto, lakini Mama wamempa. Baba wa binti anayefanya naye kazi, ambaye ni mdogo wake shangazi, hupenda kusema kwenye mikusanyiko ya familia, "Dada yangu mimi aliolewa na kamusi," na watu hucheka, naye shangazi hucheka nao huku akitazama pembeni.

Ofisi ni vyumba viwili vidogo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya kuandikia. Kuna meza mbili, kompyuta mbili, printa inayokohoa kabla ya kila ukurasa, na simu ya mezani ambayo binti aliiogopa miezi yote sita tangu aanze kazi. Alikuwa na shahada ya lugha na sauti ya mtu anayeomba radhi. Mzee wa Fotokopi, mwenye duka la chini, alikuwa akimtania kila akipita. "Huyu binti wenu, Mama Rula, akitaka kupiga chafya lazima kwanza aandike barua ya maombi."

Kazi yao ilikuwa moja: watu walileta mafaili ya PDF yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, wao wakayarudisha kwa Kiswahili, kila kichwa cha habari kikiwa pale pale kilipokuwa, kila jedwali na safu zake, kila namba ndani ya kisanduku chake. Siku ya kwanza kabisa shangazi alimwambia, "Ndani ya PDF hakuna jedwali, mwanangu. Kuna maneno yamepigiliwa misumari, kila neno mahali pake, na mistari imechorwa kuyazunguka. Jicho lako ndilo linaloona jedwali. Programu ukiiambia igeuze, inakisia tu."

Akamsimulia ule mwongozo wa dawa za watoto aliowahi kuutafsiri. Kisanduku kimoja kilikuwa kitupu, programu ikakiruka, na vipimo vyote vilivyokuwa chini yake vikapanda ngazi moja. Mtoto wa kilo nane akajikuta na dozi ya mtoto wa kilo kumi. Maneno yalikuwa sahihi yote, hata nukta moja haikukosewa. Rula ndiyo iliyogundua, siku moja kabla mwongozo haujachapwa.

"Hatuongezi, hatupunguzi," alimaliza. "Mengine yote utajifunza."

Jumatatu hiyo alikuja afisa wa mradi wa barabara. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Aliweka mezani karatasi arobaini na nne na kijiti cha flashi chenye faili lenyewe. Barabara ilikuwa inapanuliwa, nayo ilipita katikati ya makaburi ya zamani nje kidogo ya mji. Hiyo ilikuwa ripoti ya kuyahamisha.

"Jumamosi tunakutana na familia," alisema. "Jedwali litasomwa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kila kaburi lililomo linapewa nafasi mpya kule juu. Yapo sitini. Jumatatu inayofuata greda zinaingia."

"Na lisilomo kwenye jedwali?" shangazi aliuliza.

"Lisilomo, mama, halipo."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Binti aliona mkono wake umeshika ukingo wa meza, kama mtu anayesubiri gari lisimame.

Jumanne asubuhi, shangazi alihesabu jedwali la makaburi. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Alipomaliza aliandika, akazungushia duara, akavua mtandio.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Anza na hilo."

Binti akaichukua karatasi. Kwenye pembe palikuwa pameandikwa 61.

Akatazama mwisho wa jedwali, ukurasa wa thelathini na moja. Mstari wa mwisho ulikuwa na namba 60, na chini yake palikuwa peupe mpaka namba ya ukurasa. Akahesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu, mara mbili. Sitini. Alijiambia kwamba shangazi amefikisha miaka hamsini na minane, macho huchoka, na si yeye, mtoto wa jana, wa kumwambia Mama Rula kwamba rula yake imekosea.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Alilipakia faili zima kwenye mashine ya kutafsiri ya mtandaoni. Likarudi baada ya dakika mbili, na hapo hapo akajuta. Vichwa vya habari vilikuwa vimegeuka maneno meusi tu, orodha ya yaliyomo ilionyesha kurasa ambazo hazikuwepo, na marehemu wawili watatu walikuwa wametafsiriwa majina yao.

Shangazi alitazama kwa mbali. "Futa. Marehemu hatafsiriwi."

Akaanza upya, kwa njia ndefu. Aligeuza PDF kuwa hati ya kuandikia, akakipa kila kichwa cha habari ngazi yake, cha sura na cha sehemu, ili orodha ya yaliyomo ijijenge yenyewe. Kisha akafika kwenye jedwali. Safu sita: namba, jina, mwaka, alama ya kaburi, ndugu, nafasi mpya. Alikuwa akitafsiri kisanduku kimoja kimoja, akiyaacha majina na miaka kama yalivyo. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa kwenye mstari wa sitini. Feni ilizunguka taratibu. Chini dukani hapakuwa na hata mteja mmoja.

Chini ya mstari wa sitini kulikuwa na mstari mwingine.

Ulikuwa na namba, 61, na maneno katika safu nne. Binti hakuyasoma vizuri. Alitazama karatasi, akatazama skrini. Programu hukisia, aliambiwa hivyo; wakati mwingine huokota takataka za chini ya ukurasa na kuzifanya mstari. Karatasi ilisema sitini, afisa alisema sitini. Hatuongezi. Akauteua mstari mzima na kuufuta, akachapisha, akaenda nyumbani.

Usiku alilala vibaya, ingawa hakujua kwa nini.

Jumatano shangazi aliilaza rula juu ya jedwali la Kiswahili. Midomo ikatembea. Aliandika kwenye pembe: 60. Safari hii hakuzungushia duara.

"Umepunguza," alisema.

"Hapana, shangazi. Yaani, ndiyo. Kulikuwa na mstari umezidi, nikadhani ni programu. Kwenye karatasi yao haupo, shangazi, tazama."

"Uligeuza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Geuza tena."

Akageuza tena. Mstari ulikuwepo. Akageuza kwa programu nyingine, ile ya Mzee wa Fotokopi, ambaye alipanda ngazi kuwasaidia akitafuna kijiti cha meno. Mstari ulikuwepo, umekaa pale pale chini ya wa sitini, kama mtu aliyechelewa kikao na kuketi nyuma kabisa.

"Faili lina pepo hili," Mzee wa Fotokopi alisema akicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akakiondoa kijiti mdomoni. "Jaribuni kwenye PDF yenyewe. Buruteni kipanya pale peupe."

Binti akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Palikuwa peupe, safi, kama karatasi mpya. Akabonyeza kipanya mwishoni mwa mstari wa sitini na kukiburuta chini. Rangi ya buluu ya uteuzi ikashuka, ikaingia kwenye weupe, na ikajikata yenyewe vipande vipande: kifupi, kirefu, kifupi, virefu viwili. Vilikuwa na urefu wa maneno. Pale pasipo na kitu, kulikuwa na umbo la sentensi.

Binti aliachia kipanya.

"Pamefunikwa," alisema Mzee wa Fotokopi kwa sauti ndogo. "Mtu kachora kisanduku cheupe, kakilaza juu. Kwenye printa hakionekani. Lakini maneno hayajafutwa. Yapo chini yake." Akaukumbuka mlango wa duka lake ghafla, akashuka.

Shangazi hakusogea karibu na skrini. Alisimama katikati ya chumba, rula mkononi.

"Nisomee," alisema. "Kwa Kiswahili."

Binti akanakili kile kisichoonekana, akakibandika kwenye ukurasa mtupu, akasoma. "Namba, sitini na moja. Jina, hana, mtoto mchanga. Mwaka, haujulikani. Alama, jiwe jeupe, kona ya ukuta."

"Safu ya ndugu."

"Hakuna aliyejitokeza. Mwanamke huja kila Alhamisi mchana, hukaa kidogo, huondoka. Alipoulizwa jina hakujibu." Akahamia safu ya mwisho. "Nafasi mpya, patupu. Hawakuandika kitu."

Printa, bila kuagizwa na mtu, ikakohoa mara moja kama ilivyozoea, na binti akaruka kwenye kiti.

"Na ramani?" shangazi aliuliza.

Ramani ya makaburi ilikuwa ukurasa wa thelathini na tatu. Ilikuwa picha, si maandishi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuburuta kitu pale. Maneno yake ilibidi yaandikwe upya na kuwekwa juu, moja moja. Makaburi yalikuwa nukta nyeusi bila namba. Shangazi akaja sasa, akakaa, na kuhesabu nukta kwa ncha ya penseli. Aliandika 61. Nukta moja ilikuwa peke yake, mbali na nyingine, kwenye kona ambako ukuta unakunja. Aliyefunika jedwali alikuwa amesahau picha.

"Mpigie afisa," shangazi alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Mwambie aje kesho asubuhi."

Binti akainua simu. Kwa mara ya kwanza hakunong'ona.

Afisa alikuja Alhamisi saa tatu. Shangazi alimwonyesha ile buluu kwenye weupe, na uso wake ukabadilika.

"Mama, hilo si kosa, ni utaratibu tu," alisema. "Kaburi halihamishwi bila saini ya ndugu. Lile halina ndugu. Ofisi kuu hawataki orodha yenye nafasi tupu, kibali kitachelewa. Basi tukaliweka pembeni. Nyinyi tafsirini kinachoonekana."

"Kinachoonekana na nani?"

"Na watu, mama. Na macho ya kawaida."

"Baba, mimi nimeletewa faili. Hili limo kwenye faili. Jumamosi familia sitini zitasomewa majina yao, na Jumatatu greda litapita kwenye kona ile. Hivyo?"

Afisa alikuna shingo. "Tulimtafuta yule mwanamke, Mungu ni shahidi. Niliandika mwenyewe. Lakini siku nyingine tukikaa getini tangu asubuhi, haingii mtu. Halafu saa saba unageuka, yupo kule konani, amekaa, mtandio umemfunika uso. Ukimwita, anainuka taratibu, anapita kwenye upenyo wa ukuta, basi. Vijana wa mashine hawataki hata kusogea kona ile." Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Wanasema yule si mtu."

Binti alitazama sakafuni. Aliona viatu vya afisa, na vumbi jekundu limeshika kwenye nyuzi. Vumbi hilo alikuwa ameliona mahali. Mjini hapa udongo ni wa kijivu. Alijaribu kukumbuka ni wapi, na alipokumbuka akatamani angesahau: chini ya meza ya shangazi, kila Ijumaa asubuhi anapofagia.

"Ndugu akijitokeza?" shangazi alikuwa akiuliza.

"Akijitokeza na akasaini, mama, mimi mwenyewe nauondoa ule weupe. Lakini iwe kabla ya kesho saa sita mchana. Fomu hii hapa." Aliitoa mkobani kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Sina ubaya na mtoto wa mtu."

"Iache mezani."

Saa sita na nusu shangazi alivaa mtandio. Kila Alhamisi wakati huo hutoka. "Nanyoosha miguu," husema, na hurudi saa tisa. Binti alikuwa akidhani huenda benki, au kwa fundi viatu, au kuwakimbia tu wateja kidogo. Leo aliikunja ile fomu mara mbili na kuiingiza mkobani.

"Nanyoosha miguu," alisema.

"Haya, shangazi. Nenda salama."

Alibaki peke yake na faili. Alifanya kazi ya sura ya tano, vichwa vya habari saba na jedwali dogo la tarehe, lakini kila mara kidole kilirudi ukurasa wa thelathini na moja. Akaburuta. Buluu ikashuka. Akaachia, ikapotea, na weupe ukafunga kama maji. Ilipogonga saa saba aliacha kuburuta. Aliona si adabu.

Shangazi hakurudi saa tisa. Hakurudi siku hiyo.

Ijumaa asubuhi alikuwepo kabla ya binti, ameshavua mtandio, rula ipo mezani, haijaguswa. Chini ya meza sakafu ilikuwa nyekundu. Binti alichukua ufagio, akamwamkia, akafagia pale taratibu, na vumbi akalitia kwenye bahasha badala ya kulimwaga. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Shangazi aliona.

Saa nane faili jipya lilifika kwa barua pepe. Ujumbe wa afisa ulikuwa mfupi: "Tumerekebisha uk. 31. Tafadhali zingatieni hili tu. Poleni." Binti akafungua. Pale palipokuwa peupe palikuwa na mstari, wino mweusi, namba sitini na moja, na kila safu imejaa isipokuwa jina. Nafasi mpya: safu ya kwanza kule juu, karibu na njia. Katika safu ya ndugu maneno yote ya zamani yalikuwa yameondolewa. Yalibaki mawili tu, na namba ya simu.

Alitafsiri yale mawili. Mama mzazi.

Namba ya simu haikuhitaji tafsiri, hunakiliwa kama ilivyo. Aliinakili tarakimu baada ya tarakimu, na alipofika katikati vidole vilikuwa vimeshajua zinazofuata. Aliinua macho taratibu. Simu ya mezani ilikuwa pale pale, na kibandiko chake cha karatasi ya manjano, chenye namba ile ile kwa mwandiko wa shangazi.

Shangazi alikuwa akinoa penseli.

Binti alichapisha. Lakini Kiswahili hujaza visanduku zaidi ya lugha ile, mistari hunenepa, jedwali hushuka. Mstari wa sitini ulikuwa umegusa mwisho wa ukurasa, na wa sitini na moja umesukumwa ukurasa wa pili, peke yake, na karatasi nyeupe tupu chini yake.

Shangazi aliitazama karatasi ile muda mrefu.

"Usimwache peke yake huku," alisema.

"Nipunguze ukubwa wa herufi?"

"Hapana. Atasomwa na wazee. Walete wenzake."

Binti akaifunga mistari minne ya mwisho ili isiachane, akaagiza kichwa cha jedwali kijirudie juu ya kila ukurasa. Wa hamsini na nane, wa hamsini na tisa na wa sitini wakashuka wote pamoja, wakaketi juu ya wa sitini na moja, na majina ya safu yakiwa juu yao kama inavyotakiwa. Akachapisha tena. Printa ikakohoa.

Shangazi aliilaza rula. Aliiteremsha bila haraka, midomo ikitembea, mpaka chini. Aliandika 61, akazungushia duara, na binti aliona penseli imelipitia duara lile mara mbili. Karatasi zikaingia kwenye bahasha ya mradi. Kesho yake zingesomwa mbele ya watu, mstari kwa mstari, na baba yake binti angesikia, na mtaa ungesikia.

Kwenye kona ya meza ilikuwapo bado ile karatasi ya kwanza ya afisa, yenye mistari sitini na weupe chini yake, na pembeni duara la Jumanne. Duara hilo lilipochorwa, faili lilikuwa bado halijafunguliwa. Hakuna aliyekuwa amegeuza chochote. Binti aliivuta karibu. Kulikuwa na maswali mengi ambayo mtu angeuliza, na mengi aliyaona hayamhusu. Akachagua moja.

"Shangazi, siku ile ya kwanza karatasi ilikuwa na sitini. Ulipataje sitini na moja?"

Shangazi alifuta rula kwa kiganja, akairudisha mahali pake.

"Nilimhesabu wangu kwanza," alisema, "ndipo nikaweka rula."